Kikundi chetu Mtwara: hatifungani ya miaka 10, ya miaka 20, au UTT? Barua kwa wanachama hii hapa, ikosoeni

Hazina wa Chuno

Habari za jioni wakuu. Mimi ni mweka hazina wa kikundi cha kuweka na kukopa hapa Mtwara mjini. Kikao kilichopita wanachama wamekubali hela iliyolala benki tuinunulie hatifungani za serikali. Tatizo ni kwamba waliokubali wengi hawajui wamekubali nini, na Jumamosi hii wanataka maelezo ya maandishi. Nimeandaa barua. Naomba muipitie, halafu mniambie: miaka 10, miaka 20, au tupeleke kwenye mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya UTT tu yaishe?

*Ndugu wanachama,*

*Asalaam aleykum, Tumsifu Yesu Kristo.*

*Mmeniuliza hela ikienda Benki Kuu inakwenda kufanya nini. Inakwenda kukopwa na serikali. Kama sisi tunavyomwandikia mkopaji wetu kiasi, riba na siku ya kumaliza, serikali nayo imeandika. Benki Kuu inasimamia mnada na kutunza kumbukumbu kwamba hatifungani hii ni ya kikundi chetu.*

*Tuchukue mfano, na ni mfano tu. Tunaomba hatifungani ya miaka 10 yenye thamani ya shilingi 6,000,000, riba asilimia 12 kwa mwaka. Mwaka mzima ni 720,000, ila inalipwa mara mbili, kwa hiyo kila baada ya miezi 6 akaunti ya kikundi inaingiziwa 360,000. Miaka 10 ikiisha tunarudishiwa 6,000,000 yetu.*

*Hapa naomba tusikilizane vizuri. Hatifungani ya 6,000,000 si lazima tuipate kwa 6,000,000. Bei inatoka mnadani, na inatajwa kwa kila shilingi 100. Wanunuzi wakiwa wengi inaweza kufika 104.50, na hapo tutalipa 6,270,000. Lakini riba itaendelea kuhesabiwa kwenye 6,000,000, na mwisho wa safari tutarudishiwa 6,000,000. Hiyo 270,000 ya juu hatutaiona tena kama mtaji. Bei ikishuka hadi 97, tutalipa 5,820,000 na mwisho tutarudishiwa 6,000,000 kamili.*

*Sisi wadogo hatutaji bei. Tunaandika kiasi tunachotaka, na tunapewa bei ya wastani ya waliofanikiwa mnadani. Ndiyo maana siwezi kumwahidi mtu bei leo, na ndiyo maana hatutaomba kwa hela yote iliyopo. Benki tuna 6,850,000. Tukiomba ya 6,000,000, kinachobaki kinafidia bei. Kima cha chini ni 1,000,000, juu ya hapo unaongeza laki laki.*

*Kila hisa yetu ni 50,000, kwa hiyo hela iliyopo ni hisa 137. Ile 360,000 ikigawanywa, hisa moja inapata kama 2,600 kila miezi 6. Mwenye hisa 10 atapata kama 26,000. Nimeandika hivi mapema ili asije mtu akapanga kununua pikipiki.*

*Wenu, Mweka Hazina*

Nawasilisha.

Kitangali Kwetu

Kaka, barua imenyooka, na hiyo ya pikipiki nimecheka. Ila umeficha mambo ambayo bila hayo hakuna wa kukushauri. Kikundi kimesajiliwa? Mko wangapi? Hiyo 6,850,000 ndiyo hela yote au kuna nyingine iko kwa wakopaji? Na kubwa kuliko yote, nani kati yenu anaitaka hela yake kabla ya miaka 10? Maana hapo umeandika kama vile watu wote 14 au 20, sijui, watakaa pamoja mpaka wazeeke.

UTT Daima

Mnajisumbua bure. UTT Mfuko wa Hatifungani, unaanza na 50,000, hakuna mnada wala mambo ya 104 na 97, na kila siku inapanda. Haijawahi kumla mtu. Mimi niko huko tangu 2020 na sitoki.

Mzee wa Mikindani

Vijana, 26,000 kwa miezi sita? Mwenye hisa 10 ameweka laki tano. Laki tano hiyo nikiingia nayo Lindi vijijini mwezi wa sita nikanunua ufuta, kabla ya Agosti nimeshamaliza biashara. Hela ya kikundi ifanye kazi.

Kitangali Kwetu

Mzee wangu shikamoo. Ufuta siku hizi unakwenda ghalani na kuuzwa kwa mnada kupitia chama cha msingi. Huo wa kununua mlangoni kwa mkulima ndio ule wa kangomba, na wakikukamata nao, kikundi kizima kinakwenda kujieleza.

Mzee wa Mikindani

Marahaba mwanangu. Sijasema kangomba. Nimesema biashara.

Hazina wa Chuno

Dada Kitangali, majibu. Tuko 14. Tumesajiliwa halmashauri, cheti cha huduma ndogo za fedha tunacho tangu ile sheria ya 2018 ianze kutumika. Hela yote ni 9,200,000, ila 2,350,000 iko kwa wakopaji. Wanaotaka kutoka: yupo mama mmoja anahamia Songea kwa mwanawe mwakani, ana hisa 16. Na kuna wawili wana watoto wanaoingia kidato cha tano, hao sijui watakuwaje.

Dalali Mstaafu

Sasa tunaweza kuongea. Nimefanya kazi hizi za kupokea maombi ya hatifungani benki miaka mingi, nimestaafu niko Masasi.

Hesabu za barua ziko sawa. Kuhusu bei, waongezee kitu kimoja: kwa 104.50 mnachopata si asilimia 12 tena. Ukihesabu na ile 270,000 isiyorudi, ni kama asilimia 11 na robo kwa mwaka. Mtu anayelinganisha na UTT au na akaunti ya muda maalumu alinganishe na hiyo, asilinganishe na 12 iliyoandikwa usoni.

Ila barua ina pengo, nalo ni huyo mama wa Songea. Umewaambia watu wanaingiaje na wanakula nini. Hujawaambia wanatokaje. Hatifungani haivunjwi. Huendi Benki Kuu kusema nimebadili mawazo. Ukitaka hela kabla ya muda, unaiuza kwa mtu mwingine kupitia dalali wa soko la hisa au benki yenye leseni, kwa bei ya siku hiyo.

Na bei ya siku hiyo inategemea hatifungani mpya zinatoa ngapi. Tuendelee na mfano wako. Miaka 3 imepita, imebaki 7, yako inalipa asilimia 12. Kama wakati huo soko linataka 15, nani atanunua ya 12 kwa bei kamili? Ataitaka kwa 87 hivi kwa kila 100. Ile 6,000,000 inakuwa kama 5,220,000, bado gharama ya dalali. Soko likishuka hadi 9, ya kwako inagombewa, inafika 115, na mnauza kama 6,900,000. Karatasi ni ileile, riba ni ileile, serikali haijakosa kulipa hata senti.

Si mambo ya kufikirika haya. Hatifungani ya miaka 25 ilipoanza 2021 ilikuwa na riba ya asilimia 15.95. Mwaka uliofuata, 2022, mpya za muda huohuo zikatolewa kwa 12.56. Aliyeshika ile ya kwanza alicheka. Baadaye riba zikapanda tena, na aliyenunua ya 12.56 akataka kuuza, huyo hakucheka.

Kadiri miaka inavyokuwa mingi ndivyo bei inavyoyumba zaidi. Kwa hiyo suala la 10 au 20 usilijibu kwa kuangalia riba ipi kubwa. Lijibu kwa kuangalia nani anatoka na lini.

UTT Daima

Mkuu umewatisha watu bure. Serikali hela inarudisha yote. Hatifungani haina hasara.

Dalali Mstaafu

Umesema kweli nusu. Ukikaa mpaka mwisho, thamani iliyoandikwa inarudi yote. Ukiuza katikati, unarudishiwa alichokubali kutoa mnunuzi. Na hao UTT wako wanashika hatifungani hizihizi. Thamani ya kipande chako inahesabiwa kutokana na walichonacho. Wao wana nyingi na wanapokea riba kila mara, ndiyo maana wewe huoni mtikisiko. Sikatai mfuko wao, nakataa hayo maneno ya haiwezi kushuka.

Binti Nachingwea

Samahani kuingilia. Mimi nina laki 4 ya korosho imebaki. Naweza kununua hatifungani hizo peke yangu? Na je, ni lazima niende Dar?

Kitangali Kwetu

Laki 4 haitoshi mnadani mdogo wangu, kima cha chini ni milioni moja. Na Dar huendi. Unafungua akaunti ya CDS, ile inayotunza kumbukumbu kwamba hatifungani ni yako, kupitia benki yako, hata hapo ulipo. Kwa laki 4, huyo ndugu wa UTT ndiye atakufaa, mwache atambe kidogo.

UTT Daima

Asante 😄 Binti, karibu.

Ruangwa Moja

Hazina, swali langu ni moja: hiyo akaunti ya CDS itakuwa kwa jina la nani?

Niulize kwa sababu. Sisi tulikuwa kikundi cha watu 9, hatujasajiliwa. Mweka hazina wetu alikuwa mtu safi, na nasema safi kwa kumaanisha, daftari lake unalisoma kama msahafu. Benki waliposema kikundi lazima kilete cheti, katiba na muhtasari wa kikao, tukaona mlolongo. Yeye alishakuwa na CDS yake. Tukasema basi weka kwa jina lako, tunaaminiana. Tukanunua ya 4,000,000. Riba ilikuwa inaingia kwenye akaunti yake, anatoa, anagawa siku hiyohiyo na watu wanasaini.

Mwaka wa pili akaugua, akafariki. Tukazika, tukakaa matanga, wala hakuna aliyefikiria hela. Miezi ikapita, riba ikaingia kwenye akaunti ya marehemu na haitoki. Tukaenda benki na daftari letu lenye sahihi. Yule binti wa dirishani alitusikiliza vizuri sana, halafu akageuza kompyuta tuone. Jina la marehemu, thamani 4,000,000, basi. Hakuna kikundi pale. Akatuambia tuje na msimamizi wa mirathi.

Mjane hakuwa na ubaya. Tatizo ni shemeji zake, waliona kwenye orodha ya mali ya marehemu kuna hatifungani ya milioni nne, ikawa kila mtu na mahesabu yake. Ikabidi twende mahakama ya mwanzo tukajieleze kama wadai. Daftari likasaidia, na barua moja aliyokuwa ametuandikia kama hii yako ikasaidia zaidi, maana aliandika kwa mkono wake kwamba hela ni ya watu tisa na kila mmoja kaweka ngapi. Tulipata. Lakini wenzetu wawili walishakata tamaa wakajitoa, na kikundi hakipo tena.

Kwa hiyo ndugu yangu, barua yako haitaji jina la akaunti popote. Liandike.

Hazina wa Chuno

Poleni sana. Ya kwetu itafunguliwa kwa jina la kikundi, watia sahihi watatu: mwenyekiti, katibu na mimi. Naongeza aya. Na nakala ya uthibitisho wa ununuzi kila mwanachama atapewa.

Dalali Mstaafu

Na riba iingie akaunti ya benki ya kikundi, si ya mtu. Hiyo mnaijaza kwenye fomu ya CDS tangu mwanzo. Halafu muhtasari wa kikao usiseme tu "tumekubali kuwekeza". Uandike kiasi, muda wa hatifungani, majina ya watia sahihi, na wanachama wote wasaini. Benki wakikurudisha, mara nyingi wanakurudishia hapo. Peleka makaratasi mapema, usisubiri Jumatano ya mnada yenyewe. Matokeo yakitoka, hela inatakiwa kesho yake, iwe ipo kwenye akaunti.

Abuu Swafiya

Ndugu zangu, barua imeanza na Asalaam aleykum, halafu inaongelea riba kuanzia mstari wa kwanza mpaka wa mwisho. Hao wanachama Waislamu wameulizwa? Huku kwetu pwani kuna wazee watakubali kikaoni kwa kuona haya tu, halafu mgao ukija hawaupokei.

Kitangali Kwetu

Shekhe, si wanakopeshana kwa riba humohumo kikundini?

Abuu Swafiya

Hilo nalo walitazame. Kosa moja halihalalishi jingine. Kuna sukuk, benki ya KCB walitoa mwaka 2022, na serikali ya Zanzibar nayo imeshatoa. Mnashiriki kwenye mali au mradi na kugawana kinachopatikana, hamkopeshi. Nasema tu waulizwe kabla ya kusaini.

Hazina wa Chuno

Ni kweli Shekhe, wapo wawili sikuwauliza kwa faragha. Nitawapitia kabla ya Jumamosi. Wakisema hapana, hisa zao zinabaki benki na hazihesabiwi kwenye mgao. Sukuk sina hakika kama ipo inayouzwa sasa hivi.

Dalali, turudi kwa mama wa Songea. Hisa 16 ni 800,000. Nifanyeje?

Dalali Mstaafu

Usiuze kipande cha hatifungani kwa ajili yake. Kipande kidogo hivyo kutafuta mnunuzi ni kazi, na dalali naye anakata chake. Vikundi vilivyokaa muda mrefu nilivyoviona hutumia njia mbili. Ya kwanza, anayetoka anatafutiwa mtu wa kuchukua hisa zake, mpya au aliyemo humohumo. Ya pili, kikundi kinabakiza fungu nje ya hatifungani, na anayetoka analipwa kutoka hapo.

Vyovyote vile, swali gumu ni bei ya hisa siku anayotoka. Mkiandika kwenye katiba kwamba analipwa alichoweka, basi soko likiwa 87 waliobaki ndio wanaobeba tofauti yake. Na likiwa 115, yeye ndiye anayewaachia. Mkiandika kwamba analipwa kwa bei ya soko, ni haki zaidi, ila mwakani huyo mama anaweza kuondoka na kama 700,000 badala ya 800,000 na akaona ameibiwa. Mimi napendelea ya pili. Wengine wanapendelea ya kwanza kwa amani ya kikundi. Chagueni moja kabla ya kununua, mkiwa bado hamjui nani itamuumiza.

Kwa hela yenu, na kwa kuwa anatoka mwakani, mimi nisingeomba 6,000,000. Ningeomba 5,000,000 ya miaka 10. Kwa 104.50 ni 5,225,000, inabaki 1,625,000. Mama analipwa, na wa kidato cha tano wakikwama wanakopa humo. Hiyo akiba ndiyo iende kwa rafiki yetu wa UTT, kwenye Mfuko wa Ukwasi, kule wanalipa ndani ya siku chache za kazi.

UTT Daima

Hatimaye!

Kitangali Kwetu

Mimi siafiki miaka 10 hata kwa hiyo 5,000,000. Kikundi cha watu 14, mtakuwa wangapi baada ya miaka 10? Nunueni ya miaka 5, mjifunze nayo, ikiisha mnaamua upya. Riba itakuwa ndogo kidogo, sawa.

Dalali Mstaafu

Nayo ni hoja. Ila ya miaka 5 haipo kwenye kila mnada. Angalieni ratiba ya Benki Kuu kwanza, mtajua ipi inakuja lini.

Ruangwa Moja

Na mkiangalia ratiba angalieni miezi. Riba inaingia kila miezi 6 kwa tarehe za hatifungani yenyewe. Ikiangukia Januari na Julai mmepona: Januari ada, Julai salfa ya kupulizia mikorosho.

Binti Nachingwea

Salfa Julai? Huku kwetu Juni watu wako shambani tayari. Julai unanunua kwa aliyebakiza, kwa bei anayotaka yeye.

Ruangwa Moja

Inategemea mikorosho yako inachanua lini. Yangu huchelewa.

Mzee wa Mikindani

Inachelewa kwa sababu hupalilii. Mikorosho haichelewi yenyewe.

Binti Nachingwea

😂😂 Mzee ana yake. Mimi ningetaka Mei na Novemba.

Kitangali Kwetu

Novemba kila mtu ana hela ya korosho, riba itaingia hakuna atakayeiona. Ikiwa hivyo afadhali msigawane kabisa, mjumlishe mpaka itimie milioni mnunue nyingine. Na kwa 300,000 za kila miezi 6 hiyo ni miaka miwili na akina mama hawatasubiri.

Hazina wa Chuno

Nimechukua yote. Jumamosi napeleka mapendekezo mawili: 5,000,000 ya miaka 10 na akiba UTT, au ya miaka 5 kama ratiba inayo. Ya 20 nimeitoa. Kuhusu bei ya anayetoka bado sijui watakubali ipi, mwenyekiti anataka alipwe alichoweka, katibu anataka bei ya soko, na mama mwenyewe anasema mfanye mnavyojua ila 800,000 yangu naijua.

Ruangwa Moja

Huyo mama ndiye mwenyekiti wa kweli. Na katibu wenu yupo mjini? Fomu zinataka sahihi zote tatu.

Hazina wa Chuno

Yuko Newala mpaka mwisho wa mwezi. Ndio naona mnada wa kwanza utatupita.